Koni za msonobari kwa rangi ya dhahabu

Leo nimemaliza kupuliza rangi koni za msonobari nilizookota Lushoto, pamoja na maganda ya jakaranda na vijiti vya kupambia meza ya Krismasi. Zimependeza kweli!

Koni nilizianika kwanza juani hadi zikafunguka, maana ikiwa na unyevu hujifunga na rangi haifiki ndani. Kisha nikazipiga brashi kavu kutoa vumbi. Kila moja nikaifunga uzi na kuining'iniza kwenye kamba ya nguo uani, upepo ukitoka mgongoni kwangu. Jikoni hapana kabisa: gesi inayosukuma rangi inashika moto, na mvuke wake unaumiza kichwa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo, kwa hiyo hewa ya nje ndiyo kinga kubwa.

Kopo litikise dakika nzima baada ya kusikia kigololi kikigonga. Shika umbali wa sentimita 25 hivi, anza kupuliza kabla ya kufika kwenye koni, pita, achia ukishaivuka. Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwepesi, kahawia bado ionekane. Ukiona rangi inang'aa kama maji na kukusanyika kwenye ncha za magamba, umezidisha, itachuruzika. Subiri kama dakika 15, geuza, rudia kutokea chini, kwani ndiko kunakobaki mabaka.

Maganda ya jakaranda yana uso laini, mikono miwili ya rangi inatosha. Yote yatalala nje barazani hadi harufu iishe, na hayatakaa karibu na mishumaa.