Ng'ombe Aliyepanda Meli: Nilivyotafsiri Shairi la Baharia Nikiwa Dodoma

Mimi ni mtu wa Bahi. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 26, nikachovya kidole na kukilamba ili nihakikishe ile habari ya chumvi. Kwa hiyo nilipotangaza kijiweni kwetu Chang'ombe kwamba natafsiri shairi la Samuel Taylor Coleridge la mwaka 1798, lile la baharia mzee, walicheka mpaka muuza kahawa akasahau kunirudishia chenji.

Kwa asiyelijua: mzee anamzuia mtu anayekwenda harusini na kumsimulia kisa chake. Alimpiga mshale ndege mkubwa wa baharini aliyekuwa akiifuata meli yao kwa wema. Baadaye upepo ukakatika, kiu ikawakaba, wenzake wakafa wote, akabaki yeye. Ni mistari zaidi ya 600, sehemu saba.

Ushauri wa kwanza niliupata kwa mwalimu mmoja mstaafu, na mpaka leo haujanitoka rohoni. "Kijana, bila kina cha kati hakuna shairi." Nikamheshimu. Nikachukua shairi la mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, nikajifungia nalo miezi miwili. Haya ndiyo niliyoyatoa nilipofika ule ubeti maarufu ambao maji yamewazunguka pande zote, mbao za meli zinasinyaa, na hakuna tone la kunywa:

Maji maji kila pembe, maji yametuzunguka,
mbao zilizo na pembe, kwa jua zinakauka,
tungekuwa hata ng'ombe, tusingeweza kuteka,
tone moja la kikombe, kinywani halikufika.

Hesabu, mizani zote zimetimia. Vina vimelala kama mbao za dari. Ila niambie, ng'ombe amepandaje meli? Coleridge hana ng'ombe. Nami ni Mgogo, nimekua nyuma ya ng'ombe, najua kwamba ng'ombe hateki maji, anatekewa. Aliingia kwa sababu moja tu: nilikuwa nahitaji "-mbe". Ziko "pembe" mbili, na ya pili haina maana yoyote. Nilipowasomea kijiweni, waliuliza kama yule baharia alikuwa anapeleka mifugo mnadani.

Kosa lilikuwa la hesabu, si la kipaji (najitetea). Ubeti ule kwa Kiingereza una silabi 26. Ubeti wangu ulikuwa na mizani 64. Maneno ya Kiswahili ni marefu kuliko ya Kiingereza, kweli, lakini si kwa kiasi hicho. Nafasi inayobaki lazima uijaze, na vijazio ndivyo vinavyoleta ng'ombe. Ukitaka kujua kama tafsiri yako ina ugonjwa huu, futa kipande kizima cha mstari kisha usome tena. Kama hakuna kilichopotea, hukutafsiri hapo, uliziba pengo.

Akaja mshauri wa pili, huyu kijana wa chuo: "Acha vina kabisa. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, mwaka 1963, bila vina." Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya tamthilia ile haina vina hata kwa Kiingereza! Coleridge anavyo, mstari wa pili na wa nne, na vinabembeleza kama wimbo wa kutwanga. Ukiviondoa unabaki na taarifa ya ajali ya meli.

Nikahamia utenzi. Vipande vinne, mizani nane kila kimoja, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho. Mizani 32 dhidi ya silabi 26: hapo kuna nafasi ya kupumua bila kuleta mifugo. Mdundo wake halisi sikuweza kuuhamisha. Kiingereza kinahesabu mikazo, minne, mitatu, minne, mitatu, na mshairi anaongeza silabi ndogondogo katikati atakavyo. Sisi tunahesabu silabi, na mkazo wetu unakaa palepale, silabi ya pili kutoka mwisho. Zile beti zake zenye mistari mitano, sita, hata tisa, nilizigawa mbili na kusonga mbele.

Kuhesabu nilifanya kwa vidole, bila dole gumba. Vidole vinane, mizani nane, mikono yote miwili ikiisha na mstari umeisha. Kwenye daladala ya kutoka Jamatini konda aliwahi kuniambia, "Mzee, nauli ni ileile, usihesabu sana."

Kile kina cha nne nikakiteua kwa mbwembwe: "-ri", ili kiendane na "bahari". Beti 30 za mwanzo "hatari" imejitokeza mara saba, na "kaburi" imeingia kabla hajafa mtu. Nikafuta. Wazee walijua walichokuwa wanafanya: Utendi wa Mwana Kupona wa 1858 unamalizia kila ubeti kwa "-ya", kama "ukazingatiya". Kwa tahajia yetu ya leo ni "-ia", silabi ya mwisho inabaki "a" peke yake, na kauli ya kutendea inakupa vitenzi vya "-ia" na "-ea" vingi kuliko punje za uwele.

Lakini kauli ya kutendea ina mtego wake. Nilitaka kusema meli ilisimama. Nikaandika "meli ikasimamia". Mizani nane, kina safi. Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Pangani, akaniuliza, "Ilisimamia nini, ujenzi?" Nikabadili ikawa "meli ikajitulia". Tangu siku hiyo, kila kitenzi nilichokivuta ili kipate kina nilikitungia sentensi ya mtaani nione kama bado kinasema nilichokusudia.

Sasa turudi kwenye ule ubeti wa maji, maana huo peke yake ulinila wiki tatu. Sentensi inayokuja yenyewe mdomoni ni "Maji, maji, kila mahali". Hesabu vidole: tisa. Moja imezidi, na huwezi kuikata bila kuumiza "mahali". Nikaenda na "kote kote", nane kamili. Mbao je? "Zimesinyaa zote" inazidisha tena. Ndipo nikakumbuka kitenzi cha mama yangu, kunywea. Mtu akiugua akakonda, mama husema amenywea. Na ndani yake kinasikika kunywa! Kwa Kiingereza neno la kusinyaa na neno la kunywa ndiyo vina vya ubeti ule. Kwetu yanakaribia kuwa neno moja. Usiku ule nilimwamsha mke wangu nimweleze. Hakufurahi.

Kilichobaki ni mstari wa nne. "Tone la kunywa hakuna": nane, maana kamili, Kiswahili cha kila mtu. Ila unaishia "-na", na mimi nimeshajifunga na "a". "Bila tone la kunywea": nane, kina kipo, maana imepinda, kwa sababu cha kunywea ni kikombe, si tone. Nilijaribu kumi na kitu, nikaziacha.

Jibu lilitoka kwa mama jirani. Ilikuwa kiangazi, mgao wa maji umekaza, naye anagonga simtanki lake kwa kiganja anasema, "Tangu juzi, tone halijaingia." Nikahesabu vidole nikiwa bado nimeshika ndoo. Nane. Na "a". Nikaandika hivi:

Maji, maji, kote kote,
mbao zimenywea zote;
maji, maji, kote kote,
tone halijaingia.

Nilijiona bingwa. Mstari wa tatu unarudia wa kwanza, kama Coleridge mwenyewe anavyorudia. Nikampelekea yule wa Pangani, akasoma taratibu, akasema, "Tone halijaingia melini? Basi haivuji, hongera kwa fundi." Mtu wa pwani! Kwangu mimi maji yanaingia kwenye tangi. Kwake yeye maji yanaingia kwenye chombo, na hiyo ni habari mbaya. Ikabidi nichague: marudio ya mstari, au maana. Nikayatoa sadaka marudio:

Maji, maji, kote kote,
mbao zimenywea zote;
makooni mwetu sote
tone halijaingia.

Hapo alinyamaza, akaomba nimwandikie nakala.

Ndege naye alinitesa, ila alinilipa. Jina lake la Kiingereza, albatross, lina konsonanti zilizobanana na wasomaji wangu hawajamwona, kwa hiyo nilimwita ndege tu. Shida ni kwamba Coleridge anaufunga ubeti wa mauaji, na sehemu nzima ya kwanza, kwa jina hilo. Mshtuko wote umekaa pale. Mimi mwisho wangu unadaiwa "a". Nikampandisha ndege mstari wa tatu na kukiacha kitendo mwisho:

"Babu, Mola akulinde,
mashetani uyashinde!"
"Ndege yule, kwa upinde,
mshale nikamtia."

Nilitaka pia kutumia "kuona" mahali fulani katika kauli ya kutendea, lakini kitenzi chenye "o" kwenye mzizi hakikupi "-ia", kinakupa "-ea", na kuona kunageuka kuonea, jambo jingine kabisa. Nikakasirika, nikakifuta. Miezi kadhaa baadaye nikafika sehemu ya tano, pale sauti mbili zinapozungumza juu ya baharia, na moja inauliza kama huyu ndiye aliyemuua kwa upinde katili yule ndege asiye na hatia. Upinde katili, ndege asiye na hatia: maneno hayo peke yake yalikuwa yanaomba vipande viwili. Ndipo nikamkumbuka niliyemfukuza. "Ndege alimuonea." Nane kamili, ukiitamka "mu-o" bila kuibana ikawa "mwo". Katili na asiye na hatia wote wamo ndani ya kitenzi kimoja. Hapo ninaringa, mnisamehe.

Kazi nzima imefika beti 168, kaunta buku mbili, na steshenari walinichaji kama elfu ishirini hivi pamoja na kurudia kurasa walizozipindua. Nilianza mvua za Novemba, nikamaliza zabibu zikivunwa kwa mara ya pili.

Shairi lina deni moja. Katika ule ubeti wa mshale, mwalikwa anamuuliza mzee kwa nini ana sura hiyo, na swali hilo nimelidondosha. Bila swali, msomaji anaweza kudhani anayesema "Ndege yule" ni mwalikwa yuleyule aliyekuwa anaomba dua, na alama za kunukuu hazisikiki mtu akighani. Ninao mstari tayari, ila ukiuingiza lazima zitoke beti mbili, na mshale unachelewa kufika. Yule wa Pangani anasema ongeza. Mwalimu mstaafu anasema hayo yote yangeisha kama ningetia kina cha kati.