Nilivyolinganisha mikataba ya wasambazaji wawili

Meneja wetu wa mauzo alinipa mikataba miwili ya usambazaji, akataka karatasi moja inayoonyesha eneo la kila msambazaji, kama ana haki ya pekee, na kiasi cha chini anachopaswa kununua kwa mwaka. Alikuwa anaamua nani aongezewe eneo.

Jedwali la kwanza nililimaliza mapema. Msambazaji wa kwanza alikuwa na mikoa 6, haki ya pekee, katoni 12,000. Wa pili mikoa 4, haki ya pekee, katoni 9,000. Ukigawa kwa mikoa, wa kwanza anachukua katoni 2,000 kila mkoa na wa pili 2,250. Wa pili alionekana bora.

Kabla sijalipeleka, nikaamua kila jibu liandikiwe namba ya kifungu na maneno yenyewe ya mkataba. Kazi hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Mikoa 6 ya yule wa kwanza niliitoa kwenye kiambatisho, lakini nyuma ya faili kulikuwa na barua ya marekebisho iliyosainiwa na pande zote mbili mwaka wa pili, ikimwondolea mikoa 2. Kiasi cha chini haikukigusa. Kwa hiyo katoni 12,000 zilikuwa za mikoa 4, yaani 3,000 kwa mkoa.

Kwa yule wa pili, kifungu cha katoni 9,000 kilisema "atafanya jitihada za kufikia". Nilipekua hadi kifungu cha kuvunja mkataba nikitafuta kinachompata asipofikia, hakuna. Hilo ni lengo tu: linamfunga kujitahidi, si kufikia idadi yenyewe. Mwenzake, asipofikisha, anapoteza haki ya pekee baada ya notisi ya siku 30, ingawa mkataba wenyewe unaendelea.

Haki ya pekee nayo haikuwa moja. Kwa wa kwanza, hata sisi wenyewe tumezuiwa kuuza ndani ya eneo lake. Kwa wa pili tumeahidi tu kutoweka msambazaji mwingine, na maduka makubwa tumebaki nayo sisi. Neno lilikuwa lilelile, maana yake ikapatikana kwenye kifungu cha tafsiri, ambacho mwanzoni nilikiruka.

Jedwali jipya likapata safu mbili zaidi: "asipofikia, nini?" na "katoni inahesabiwa lini?" Hii ya pili ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mmoja anahesabiwa oda na mwingine mzigo uliolipiwa. Pale mkataba uliponyamaza niliandika "haijatajwa", kamwe si "hapana", maana pengo kama hilo ni swali la kumpelekea mwanasheria.

Meneja alisoma, akarudi kwenye ile barua ya marekebisho na kuisoma mara mbili. Kisha akaniagiza nitoe rekodi za mizigo iliyolipiwa ya msambazaji wa kwanza, tujue kama kweli anafikisha hizo 12,000 kwa mikoa 4 aliyobaki nayo.