Siku niliyokataa kuweka alama kwenye kisanduku cha kwanza

Fomu ya mfuko wa pensheni niliyopewa nilipoacha kazi Mombasa, mwishoni mwa Juni 2016, ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza kiliandikwa malipo taslimu, cha pili kuacha mafao ndani ya mfuko hadi umri wa kustaafu, na cha tatu kuhamisha mafao kwenda mfuko mwingine uliosajiliwa. Afisa wa ofisi ya wafanyakazi alikuwa tayari ameshika kalamu. "Kaka, weka alama hapo juu tu, wiki tatu pesa ziko kwa akaunti." Hakuwa na nia mbaya. Karibu kila anayeondoka huchagua hicho cha juu, na yeye alikuwa na bahasha nyingine sita mezani.

Niliomba kwanza nipewe hesabu kwa maandishi. Msimamizi wa mfuko, yaani ile kampuni inayotunza kumbukumbu za wanachama kwa niaba ya wadhamini, alinitumia karatasi moja yenye mistari mitatu. Michango yangu pamoja na riba yake ilikuwa shilingi 700,000. Ya mwajiri pamoja na riba ilikuwa 1,050,000. Chini kabisa palikuwa na shilingi 46,000 zilizoandikwa "zisizosamehewa kodi". Jumla 1,796,000 kwa miaka saba, mimi nikichangia asilimia 6 ya mshahara na mwajiri asilimia 9.

Hizo 46,000 zilitokana na kiwango cha msamaha wa kodi, ambacho wakati huo kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa michango ya mfanyakazi na mwajiri ikijumlishwa. Mshahara wangu ulipofika 147,000, asilimia 15 yake ikawa 22,050, na zile 2,050 za ziada zikawa zinawekwa upande mwingine wa daftari kila mwezi. Ni pesa kidogo, lakini huhesabiwa kivyake siku ya kutoza kodi. Ndizo zilizonisumbua baadaye kuliko pesa zote nyingine.

Kabla ya kuchagua nilikokotoa kisanduku cha kwanza kingenigharimu nini. Kwa kanuni za wakati ule, anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu aliruhusiwa kuchukua michango yake yote na nusu ya ile ya mwajiri. Nusu iliyobaki hufungiwa hadi astaafu. Nikiziacha kando zile 46,000, ningeweza kuchukua 700,000 na 525,000, jumla 1,225,000. Kwa kila mwaka wa utumishi shilingi 60,000 hazikutozwa kodi, hadi miaka kumi, kwa hiyo miaka yangu saba ilinipa nafuu ya 420,000. Zikabaki 805,000 za kutozwa. Kwa kuwa sikuwa nimetimiza miaka 15 ndani ya mfuko, kodi ilifuata viwango vya kawaida vya mwaka: asilimia 10 kwa 121,968 za kwanza, kisha asilimia 15, 20 na 25 kwa vipande vitatu vya 114,912 kila kimoja, na asilimia 30 kwa chochote kilichozidi 466,704. Vipande vinne vya mwanzo vilitoa kodi ya shilingi 81,144. Ziada ya 338,296 ikatoa 101,488 na senti. Jumla ikawa kama 182,600.

Kuhamisha hakutozwi hata senti, mradi pesa zitoke mfuko uliosajiliwa ziingie mfuko uliosajiliwa bila kupitia mkononi mwa mwanachama. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha tatu. (Viwango na kanuni hizo zimebadilika tangu wakati ule. Kile kikomo cha 20,000, kwa mfano, kilipandishwa hadi 30,000 mwishoni mwa 2024. Atakayekokotoa leo atafute jedwali la leo.)

Barua ya maombi haiandikiwi mwajiri wa zamani, ingawa wengi humwandikia yeye. Wenye mamlaka juu ya pesa ni wadhamini, na barua huwafikia kupitia kwa msimamizi. Niliambatanisha nakala ya kitambulisho, pini ya mamlaka ya kodi ya Kenya, KRA, na barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya mwisho ya kazi na mwezi wa mwisho aliopeleka mchango. Hicho kipengele cha pili ndicho hukwamisha watu wengi. Mchango wa mwezi wa mwisho usipokuwa umefika, hesabu haiwezi kufungwa, na msimamizi hukuweka kando bila kukuambia.

Sehemu ngumu ni ya mfuko mpya, ule wa mwajiri wangu mpya wa Nairobi. Msimamizi wa zamani alitaka vitu vitatu kutoka Nairobi: barua ya wadhamini wapya kwamba wako tayari kupokea, nakala ya cheti cha usajili cha Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, na barua ya KRA ya kuutambua mfuko huo. Mwanzoni niliona ni urasimu, kumbe sababu yake ni nzito. Pesa zikiingia mahali pasipotambuliwa na KRA, uhamisho hugeuka kuwa malipo taslimu machoni pa sheria, na kodi humrudia yule aliyezitoa. Hakuna msimamizi atakayeubeba mzigo huo kwa ajili yako.

Maombi yangu ya kwanza yalirudishwa baada ya siku tisa, na kosa lilikuwa langu. Kwenye nafasi ya akaunti ya kupokelea nilijaza ile ya mwajiri mpya, niliyopewa na idara ya mishahara. Pesa za mfuko hazipiti kwa mwajiri. Hutoka benki mtunzaji ya mfuko mmoja na kuingia benki mtunzaji ya mfuko wa pili, kwenye akaunti yenye jina la mfuko wenyewe. Nikarekebisha, nikatuma tena.

Kulikuwa na suala la riba, na hapo niliamua jambo ambalo hadi leo sina hakika kama lilikuwa sawa. Mwaka wa mfuko wa zamani ulifungwa tarehe 31 Desemba, na riba halisi ilitangazwa baada ya ukaguzi wa hesabu, mwaka unaofuata. Anayeondoka katikati ya mwaka hupewa riba ya muda. Nilimwandikia msimamizi maswali mawili: riba ya muda ni ngapi, na je, tofauti italipwa baadaye riba halisi ikitangazwa? Alijibu kwamba ni asilimia 5 kwa mwaka, na kwamba kwa kanuni za mfuko huo, pesa ikishaondoka hakuna nyongeza. Ningeweza kuziacha hadi baada ya tangazo, kwa kuwa mafao yaliyoachwa ndani huendelea kupata riba kama ya wanachama wengine. Lakini mwaka 2015 soko la hisa lilikuwa limeporomoka, na niliona huenda asilimia 5 ya uhakika ikaipita itakayotangazwa. Nikahamisha mwishoni mwa Agosti. Mfuko ule ukatangaza asilimia 8.2. Kwa salio la shilingi 1,610,000 nililokuwa nalo mwanzoni mwa mwaka na miezi minane, tofauti ya asilimia 3.2 ilikuwa zaidi ya shilingi 34,000. Mifuko mingine hulipa tofauti hiyo, ndiyo maana swali la pili lina thamani kuliko la kwanza.

Kosa kubwa lilijitokeza Januari. Taarifa yangu ya kwanza kutoka mfuko mpya ilionyesha 1,796,000 zikiwa zimefika zote, na mtu asiyesoma safu angeifunga bahasha akiwa ameridhika. Lakini zote zilikuwa chini ya safu moja: michango ya hiari ya mwanachama. Safu ya mwajiri, kwa upande wa pesa zilizohamishwa, ilikuwa na sufuri. Safu ya zisizosamehewa kodi haikuwepo kabisa.

Athari yake ilikuwa ya pande mbili. Pesa za mwajiri, ambazo nusu yake kisheria ilipaswa kufungwa, sasa zilionekana kama akiba yangu niliyojiwekea mwenyewe. Hilo lingenifurahisha hadi siku mkaguzi atakapoligundua na malipo yangu kusimamishwa. Upande wa pili ulikuwa wa hasara moja kwa moja. Zile 46,000 zilikuwa zimechanganywa na pesa zilizopata msamaha, na siku ya kutoka zingetozwa kodi kana kwamba hazikuwahi kutozwa.

Chanzo kilikuwa cha kawaida mno. Benki ilituma kiasi kimoja, na maelezo ya muamala yalikuwa jina langu tu. Mchanganuo, yaani karatasi inayosema ngapi ni za nani, ulitumwa kando kwa barua pepe, kwa karani ambaye alikuwa ameshaacha kazi kwa msimamizi mpya. Aliyekuta pesa bila mchanganuo aliziweka kwenye safu pekee isiyohitaji maelezo.

Niliandika barua kwa wadhamini wapya, nikaambatanisha ile karatasi ya mistari mitatu na hati ya malipo ya benki yenye tarehe na kiasi. Walisema karatasi yangu haitoshi kwa kuwa haikuwa na sahihi. Nikarudi Mombasa kwa barua pepe, nikaomba mchanganuo uliosainiwa na wadhamini wawili na kupigwa muhuri, utumwe Nairobi moja kwa moja na nakala yangu. Ulichukua wiki tano. Nilikuwa nimejiandaa kumwandikia mkuu wa Mamlaka, ambaye sheria inamruhusu mwanachama kumwomba apitie uamuzi wa wadhamini, na baada yake kuna Baraza la Rufaa. Haikufika huko. Nilipotaja tu kwamba barua ya Mamlaka imeshaandikwa na inasubiri stempu, muhuri ulipatikana.

Taarifa iliyosahihishwa ilifika Aprili ikiwa na safu zote tatu: 700,000, 1,050,000 na 46,000, kila moja ikiongezewa riba yake tangu Septemba. Nikaisoma tena juu kabisa, pale penye maelezo ya mwanachama. Tarehe ya kujiunga: 1 Julai 2016. Miaka saba ya Mombasa haikuonekana popote, na ile nafuu ya 60,000 kwa mwaka ilihesabiwa kwa miaka. Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika barua fupi kuomba tarehe ya kujiunga na mfuko wa awali, Julai 2009, iingizwe kwenye kumbukumbu pamoja na nakala ya cheti cha uanachama wa zamani. Safari hii jibu lilikuja baada ya siku nne, na tarehe zote mbili zikawekwa, moja chini ya nyingine.