Siku moja Delhi: mkalimani wa wagonjwa na nguzo isiyoliwa na kutu

Nyumbani wakisikia niko Delhi hudhani natembea tu. Mimi ni mkalimani wa wagonjwa wanaotoka Tanzania na Kenya kuja kutibiwa huku, na mgonjwa akilazwa, ndugu aliyemleta nabaki naye mimi.

Saa 12 asubuhi nilikuwa wodini natafsiri maneno ya madaktari, kisha fomu, kisha dawa. Saa 4 mgonjwa akapitiwa na usingizi. Mumewe, mzee fundi wa kuchomelea kutoka Tanga, alikuwa hajatoka nje siku tatu. Nikampeleka Mehrauli kwenye mnara wa Qutb.

Mnara aliutupia jicho tu. Alichogandana nacho ni nguzo ya chuma iliyo uani: mita 7 na ushee, zaidi ya tani 6, umri wake miaka 1,600 hivi, tangu enzi za wafalme wa Gupta wa India ya kale, na bado haijaliwa na kutu.

"Stenlesi hii, mwanangu."

"Hapana mzee, ni chuma cha kufuliwa. Walipasha madongo ya chuma, wakayaunganisha kwa nyundo."

Hakukubali. Akasema imepakwa mafuta, akataka kuruka uzio akwaruze kwa ufunguo. Mlinzi akaja, nikaomba radhi kwa Kihindi, miguu inaniwaka. Uzio uliwekwa mwaka 1997 kwa sababu watu walikuwa wakiikumbatia nguzo na kusugua ganda lake linaloikinga na kutu.

Nikamweleza hilo ganda. Wahunzi wale waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa bila chokaa, hivyo fosforasi iliyomo haikutolewa. Nguzo ilianza kushika kutu kama geti lolote. Lakini chuma kilipolika, fosforasi ilijikusanya chini ya kutu, na kila ilipolowa na kukauka ikaungana na chuma kuwa utando mgumu unaoziba vitundu. Hewa na maji havipiti tena kwa urahisi. Profesa Balasubramaniam wa chuo cha teknolojia cha Kanpur, hukuhuku India, ndiye aliyeuchunguza sana utando huo.

"Mbona sisi hatuuziwi chuma chenye hiyo fosforasi?"

"Huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kikiwa baridi. Viwanda huiondoa."

Hapo akanyamaza. Nondo za namna hiyo anazijua: unazikunja, zinakatika. Baadaye akauliza kuhusu sehemu iliyo ardhini, swali ambalo wageni wengi hawaulizi. Huko chini imelika. Udongo hushika unyevu, nguzo haipati kukauka, na walioichimbua walikuta kutu nene na mashimo. Tena hewa ya Delhi ni kavu miezi mingi.

"Basi Tanga isingefika mbali," akasema, akiitazama toka chini hadi juu.

Sikumbuki tulirudi saa ngapi, foleni ilikuwa ndefu. Usiku mkewe alikuwa ameamka, na muuguzi mzaliwa wa Delhi anabadilisha dripu. Mzee akanishika mkono. "Mwambie huyu binti habari ya fosforasi. Mwambie polepole, asikose neno."

Nikavuta kiti, nikaanza kutafsiri.