Oksaidi iliyokaa kimya kwenye maji

Leo nimeshinda maabara na oksaidi za piriodi ya tatu, acha niandike kabla sijalala.

Asubuhi nilianza na njia ya kawaida, unatia oksaidi kidogo kwenye maji, unatikisa, unadondoshea indiketa halafu unasoma rangi. Ya magneziamu ikanipa pH kama 9, inayeyuka kidogo sana ndo maana haipandi kama ya sodiamu. Ya fosforasi, P4O10, ilichacharika tu ilipogusa maji, rangi ikawa nyekundu kabisa. Ila aluminiamu na silikoni zote mbili kijani, pH 7, nami nikaandika "nyutro" kwenye daftari.

Hilo neno nimelikata jioni. Indiketa inasoma kile kilichoyeyuka, na hizi mbili haziyeyuki, unga umekaa chini vilevile, kwa hiyo nilichopima ni maji matupu! Oksaidi ya hivi lazima uikutanishe na asidi, halafu na alkali, uone inamjibu nani.

Nikachukua Al2O3 ya chupani nikaitia HCl, kimya. Unga uliochomwa kwa moto mkali wakati wa kutengenezwa huwa umekaza sana, asidi ya kawaida haiuwezi. Basi nikatumia haidroksaidi mbichi: aluminiamu salfeti kwenye testi tyubu, NaOH tone kwa tone, yakatokea mashapo meupe mazito kama uji. Nikayagawa mara mbili. Nusu nikaitia HCl, yakapotea. Nusu nyingine nikaongeza NaOH ileile iliyoyaleta, nikatikisa, nayo yakapotea, maji yakawa maangavu kabisa, na hapo nilisimama nikaangalia muda mrefu.

Al(OH)3 + 3HCl → AlCl3 + 3H2O
Al(OH)3 + NaOH → NaAl(OH)4

Hiyo ndo amfoteri, inamjibu asidi na alkali pia. Nikarudia na magneziamu salfeti, mashapo yakayeyuka kwenye asidi tu, kwenye NaOH hata uongeze vipi yanabaki. Na ukitumia amonia badala ya NaOH hata ya aluminiamu hayaondoki, alkali yake ni dhaifu, ukiitumia utadhani aluminiamu ni besi tupu.

Sababu naiona hivi: sodiamu haiing'ang'anii oksijeni, kwa hiyo O2- iko huru kupokea H+ ya asidi. Al3+ ni ndogo na ina chaji tatu, inavuta elektroni za oksijeni kwake, bondi inakuwa nusu ya kushirikiana, mpaka aluminiamu yenyewe inaweza kupokea OH-. Ukisogea kwa silikoni, fosforasi na salfa, upande wa besi unakwisha kabisa.

SiO2 kwa asidi za kawaida haistuki, inataka NaOH kali ya moto ndo itoe Na2SiO3. Hata ya baridi huila polepole, nimekumbuka leo wakati nafunga chupa ya NaOH: kifuniko chake ni cha plastiki, maana kioo nacho kwa sehemu kubwa ni SiO2, kifuniko cha kioo kingeliwa taratibu kikaganda shingoni.