Kipara cha mzee kilinifundisha nyongeza

Kichekesho changu kiliishia kwenye kipara. Nilikuwa jukwaani nasimulia daladala ya Gongo la Mboto saa 12 jioni, nimesimama kwa mguu mmoja, konda anafoka: "Sogeeni nyuma, nyuma kweupe!" Nageuka kutazama. Kweupe kweli: kipara cha mzee, sentimita 2 kutoka puani kwangu.

Ukumbi ule mdogo wa Sinza ulicheka. Nami kwa kimuhemuhe nikadakia: "Yaani hana hata unywele mmoja!" Kicheko kikazimika kama mshumaa. Nyumbani nilisikiliza rekodi ya simu, nikaona makosa mawili. Kwanza, nilisema watu wakiwa bado wanacheka, wakanyamaza ili wanisikie. Pili, sentensi yenyewe ilikuwa inawafafanulia walichokwisha kuelewa.

Nyongeza ni mstari unaofuata kichekesho kilichokwisha kuchekwa, ili kichekwe tena. Iliyo nzuri haihitaji maelezo mapya. Inakaa kwenye picha ileile lakini inaigeuza upande. Nikajiuliza: mzee mwenyewe anasemaje? Nikampa mdomo: "Kijana, ukiendelea kunipumulia nitapata mafua." Neno la kuchekesha liko mwisho, hakuna kinacholifuata.

Wiki iliyofuata nikaogopa kuwakatiza, nikasubiri mpaka kimya. Hiyo nayo ni hasara. Watu walishatoka kwenye daladala, mafua yakasikika kama kichekesho kipya kisicho na kichwa. Tena nilianza na "basi sasa", maneno yanayomwambia msikilizaji kwamba tumehama.

Nilichokuja kukizoea ni kusikiliza kicheko kikipanda, kikifika kileleni, kisha kinapoanza kushuka lakini hakijafa, hapo ndipo mzee anaongea. Wakati wa kusubiri siachi bomba la daladala: mkono uko juu, shingo imepinda, macho yako kwenye kipara. Mwili ndio unaowashikilia watu ndani ya gari. Ukishusha mkono ukanywa maji, umewateremsha kituoni.

Baada ya mafua nikaongeza ya pili. Konda amesikia, anatoa kichwa dirishani: "Gongo, Gongo! Hii ina feni!" Hii ikachekesha kuliko kipara chenyewe, kwa hiyo ndiyo inayofunga. Nilijaribu kuitanguliza usiku mmoja, na mafua yakaonekana madogo mno nyuma yake.

Kulikuwa na ya tatu, kinyozi wa mzee anayelia njaa. Naipenda mpaka leo. Lakini kwenye rekodi 3 mfululizo kicheko chake kilikuwa chini ya feni, kwa sababu kinyozi hayupo kwenye daladala. Watu wanalazimika kushuka kumfuata. Nikamtoa.

Na kipara kisipochekwa, siwaletei mafua. Hayana pa kushikia. Nasema "shusha!" naendelea na habari ya mama mkwe.