Rekodi milioni 20, rami giga 2: kwiksoti ilivyonidanganya, hipusoti ikanichelewesha, nikaishia mejisoti

Hii kitu imenila karibu wiki nzima, wacha niiandike nikiwa bado naikumbuka vizuri. Nilikuwa na faili la miamala, rekodi milioni 20, kila rekodi baiti 64. Faili lenyewe ni lile la jana ambalo lilishapangwa kwa namba ya akaunti, halafu miamala mipya ya leo kama laki mbili hivi imebandikwa mwishoni. Kazi yangu ni kulipanga upya lote kwa namba ya akaunti, ili programu nyingine ipite juu mpaka chini ikikokotoa salio la kila akaunti muamala baada ya muamala. Mashine niliyopewa ina rami ya giga 2 tu, na rekodi peke yake zinakula giga 1.28.

Nikaandika kwiksoti kwa C, ile ya haraka haraka: unachagua rekodi moja iwe pivoti, ndogo zinaenda upande mmoja na kubwa upande mwingine, kisha kila upande unapangwa vivyo hivyo. Pivoti yangu ilikuwa rekodi ya kwanza ya kipande. Nikaijaribu kwa namba za kubahatisha milioni 20, sekunde chache imemaliza, nikajiona fundi. Nikaipa faili halisi:

```
Segmentation fault (core dumped)
```

Kumbe shida ni kwamba data yangu ilikuwa imeshapangika karibu yote. Ukichukua ya kwanza kuwa pivoti kwenye data iliyopangika, pivoti inakuwa ndo ndogo kuliko zote, upande mmoja unabaki mtupu na mwingine una zote kasoro moja, kisha unarudia tena na tena. Funksheni inajiita ndani ya yenyewe karibu mara milioni 20, na steki ya kawaida kwenye Linux ni megabaiti 8 (andika `ulimit -s` utaona 8192). Kila mwito kwangu ulikula kama baiti 48, kwa hiyo ukifika kina cha laki moja na sabini elfu hivi, steki kwisha, programu chali.

Mimi kwa ujuaji nikaongeza steki, basi ikaacha kuanguka lakini haikuisha. Nikaenda kulala, asubuhi bado. Hapo ndo nikafanya kile nilichotakiwa kufanya mwanzo, nikakata faili vipande vidogo nipime: rekodi 10,000, halafu 20,000, halafu 40,000. Kila nikizidisha data mara mbili muda unapanda mara nne. Hiyo ndo alama ya n², yaani muda unakua kwa mraba wa n, idadi ya rekodi. Ingekuwa n log n muda ungepanda mara mbili na kidogo tu. Piga hesabu sasa, n(n-1)/2 kwa milioni 20 ni ulinganisho trilioni 200, hata mashine ikifanya bilioni moja kwa sekunde ni zaidi ya saa 55. Ukilinganisha, n log n ni kama milioni 485 tu.

Dawa yake ni rahisi. Pivoti nikaichagua kwa kubahatisha, na nikaifanya funksheni ijiite kwa upande mdogo tu, upande mkubwa unaendelea kwenye lupu ile ile, kwa hiyo kina cha steki hakiwezi kuzidi 24 au 25 hata bahati iwe mbaya vipi. n² bado ipo kinadharia ila kuiangukia kwa bahati nasibu sahau. Ikamaliza kwa sekunde chache, memori ya ziada karibu na bure.

Nikapeleka matokeo, jamaa anayetumia ile programu ya salio akanirudia, "Kaka, hizi akaunti mbona zimeenda hasi katikati?" Naangalia, kweli, mtu katoa pesa kabla hajaweka. Miamala yote ipo, hakuna iliyopotea, ila ndani ya akaunti moja imechanganyika muda. Kwiksoti inarusha rekodi kutoka mwisho mmoja kwenda mwingine bila kujali kwamba njiani imeruka mwenzake mwenye namba ile ile. Mi nilikuwa nawaza spidi tu, hilo la kutunza mpangilio wa awali wa zinazolingana halikunijia kabisa. Na usidhani `qsort` ya C ingeniokoa, kwa zinazolingana haikuahidi mpangilio wowote.

Hapo katikati kuna mtu aliniambia nenda hipusoti, haina n² hata kidogo na haiombi memori ya ziada. Yote kweli. Ila chukua rekodi tatu za akaunti moja, A1, A2, A3. Hipu, yaani safu inayosomwa kama mti wenye kubwa kuliko zote juu, haisogezi kitu maana zote zinalingana, halafu inaanza kutoa: A1 ya juu inabadilishana na ya mwisho, unapata A3, A2, A1. Inabadilishana tena zilizobaki, unapata A2, A3, A1. Rekodi tatu tu na tayari imevuruga! Na kwa data kubwa ilikuwa nzito kuliko kwiksoti, mara tatu hivi kwenye mashine yangu, kwa sababu watoto wa nafasi i wanakaa 2i+1 na 2i+2, yaani ukiwa nafasi ya milioni 5 mtoto yuko milioni 10, megabaiti 320 mbali, keshi ya prosesa haisaidii kitu.

Ikabaki mejisoti, ile inayopanga nusu mbili kisha kuziunganisha. Haina hali mbaya ya n², inatunza mpangilio, ila inataka nafasi nyingine ya ukubwa ule ule. 1.28 mara mbili ni 2.56, na mimi nina 2. Nilijaribu hivyo hivyo kwa ubishi, taa ya diski ikawaka haizimi, mashine ikaanza kuhamishia memori kwenye diski na kila kitu kikaganda.

Kilichonitoa ni kuacha kuhamisha rekodi zenyewe. Nikatengeneza safu ya indeksi 0 mpaka milioni 20 kasoro moja, kila moja baiti 4, hiyo ni megabaiti 80, na bafa ya kuunganishia megabaiti 80 nyingine. Jumla giga 1.44, inaingia. Mejisoti inapanga indeksi kwa kuchungulia namba ya akaunti, mwisho naandika rekodi kwenye faili jipya kwa kufuata indeksi. Kuchungulia huko kunarukaruka kwenye memori kwa hiyo si spidi ya ajabu, ila inamaliza.

Bado nikakosea kitu kimoja. Kwenye kuunganisha niliandika `<`, zikilingana ikawa inachukua ya kulia kwanza, mpangilio ukaharibika tena. Ni alama moja tu:

```c
if (r[a[i]].akaunti <= r[a[j]].akaunti)
    b[k++] = a[i++];
else
    b[k++] = a[j++];
```

Safari hii sikusubiri jamaa anirudie. Niliweka lupu ya kukagua, majirani wenye akaunti moja lazima indeksi ya kwanza iwe ndogo kuliko ya pili, hesabu makosa. Yenye `<` ilitoa mamilioni, yenye `<=` ikatoa 0.

Kwiksoti sijaitupa lakini. Nina kazi nyingine ya kupanga orodha ya namba za akaunti tupu, namba tu bila rekodi, na huko 7 mbili zikibadilishana nafasi hakuna anayeweza kuzitofautisha.